Mwali si Nyanya

Mwalimu Oscar alikuwa na ugonjwa ambao hospitali hawautibu: kila alipoutazama mwezi kwenye kalenda, aliona wateja. Ukimtajia Januari, yeye anakujibu madaftari. Ukimtajia Ramadhani, anakwambia tende na kanzu za watoto. Krismasi je? Kuku, mchele na viatu vipya. Na usidhani alikuwa mtu wa maneno matupu, la hasha. Alijaribu, akaanguka, akajaribu tena, na kila alipoanguka ni mkewe Witness aliyemfuta vumbi.

Kwao ni Gairo, kwa wakulima wa mahindi na karanga, na alikua akiliona jambo moja lililomkaa kichwani. Mkulima huwa tajiri kipindi kifupi tu cha mwaka, mazao yakishauzwa, na kipindi hicho kila mwenye akili yuko njiani kwenda kwake na kitu mkononi: huyu mitumba, huyu masufuria, huyu redio. Msimu ukipita, hata muuza chumvi hapiti. Basi alipoajiriwa ualimu na kupangiwa shule moja ya msingi huko Matombo, akaona mshahara nao una tabia ya kwisha kabla ya mwezi, akili yake ikarudi nyumbani Gairo kutafuta mbinu.

Alianza na Januari. Dada wa mkewe Witness anakaa Mwembesongo, mjini, na pale mbele ya nyumba yake watu wanapita kutwa nzima. Oscar akapanga meza: madaftari, soksi, na masweta ya shule. Kosa lake la kwanza ni kwamba alikwenda kununua mwishoni mwa Desemba, wakati wenye maduka ya jumla wameshapandisha bei kwa sababu nao wana kalenda kama yeye. Kosa la pili, masweta yale alikuwa ameyatia nembo ya shule moja tu. Shule zikafunguliwa, watu wakagombania meza wiki ya kwanza, wiki ya pili wakapungua, na baada ya hapo kukawa kimya kama bomba lililokatwa maji. Madaftari hayakumtupa, aliyamaliza polepole. Masweta, ndugu yangu, mpaka leo moja Witness analifutia meza.

Akaja na mahindi. Nunua Gairo wakati wa mavuno, weka, uza Februari njaa ikianza kubisha hodi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na wapo waliojenga nyumba kwa hesabu hiyo hiyo. Lakini mahindi yanataka mtu wa kuyakausha vizuri, kuyatia dawa na kufungua gunia mara kwa mara kutazama kilichomo. Oscar alikuwa darasani Matombo akifundisha sehemu na desimali, na magunia yalikuwa kwa binamu yake Gairo, ambaye alikuwa na mambo yake. Alipokwenda kuyafungua alikuta unga ambao hakuusaga yeye. Dumuzi, wale wadudu wa ghalani, walikuwa wamemaliza kazi.

Hapo nampa haki yake. Mwingine angesema karogwa. Oscar alikaa chini akajiuliza ni biashara gani ya msimu inamfaa mtu ambaye Jumatatu hadi Ijumaa ni mali ya mwajiri. Akajijibu: iwe kitu kisichooza wala kuliwa na wadudu. Kazi yake iangukie Jumamosi na Jumapili. Msimu wake urudi kila mwaka bila kuomba ruhusa. Na awepo mtu mwaminifu wa kukiangalia siku za kazi. Alipoinua macho kutoka kwenye mawazo hayo, jibu lilikuwa linapiga ngoma ng'ambo ya bonde.

Maana Matombo mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Julai mpaka Septemba, hapiti Jumamosi bila sherehe kwenye kitongoji fulani. Kuna harusi, kuna kipaimara, lakini kubwa kuliko zote ni kumtoa mwali. Binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na kungwi wake, haonwi na wanaume, hatoki, mpaka siku ya ngoma yake. Siku hiyo hubebwa mabegani akapandishwa juu watu wamwone, wakamtuza. Zamani mwali alikaa ndani muda mrefu. Siku hizi wazazi wanabana, wanasubiri likizo, wiki chache tu, kwa sababu ya shule. Na siku hizi, baada ya ngoma za asili, watu wanataka muziki wa spika. Wenye muziki mjini walikuwa hawapendi kupandisha vyombo vyao kwenye barabara ile inayovunja hata meno.

Oscar akakopa kwenye chama cha walimu cha kuweka na kukopa. Akanunua spika mbili kubwa, amplifaya, jenereta, maturubai na viti vya plastiki. Akamchukua Salum, fundi redio kutoka Mwembesongo, mcheshi mwenye mdomo wa kuuza maji mtoni, akampangia chumba karibu na shule awe msimamizi. Sheria zilikuwa zinaeleweka. Ukitaka siku, unatanguliza nusu. Siku za kazi hatoki mtu. Fedha ya msimu sehemu inatengeneza vyombo, sehemu inalipa mkopo, na inayobaki anaishika Witness ili masika, wakati spika zimefungwa kwenye nailoni na hakuna anayecheza, nyumba isilale njaa. Misibani viti na maturubai alitoa bure, na kwa hilo watu wa Matombo walimpenda kwa dhati. Msimu wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda vizuri zaidi. Mtoto wa Gairo akaanza kutembea mikono nyuma.

Shuleni nako hakuwa mzembe, tusimsingizie. Alikuwa mwalimu wa darasa la saba, hisabati akizifundisha mpaka zinaeleweka, na kwenye mikutano ya wazazi alikuwa mkali kama pilipili. Alikuwa na msemo wake aliourudia kila mwaka mpaka wazazi wakaujua kwa moyo. Mtoto asiyekuja shule ameibiwa, alisema, na mwizi wake yuko nyumbani. Wazazi waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wameshapelekwa kwa mtendaji wa kijiji kwa utoro wa watoto wao, na aliyepeleka majina ni yeye.

Msimu wa tatu, mapema mwezi Agosti, akaja Mzee Banzi. Huyu ni mzee mpole wa kitongoji cha juu, mkulima wa ndizi na nanasi, na alikuja kutafuta muziki kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Kwa Waluguru, wenyeji wa Matombo, mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo shughuli ya mwali mjomba anaibeba. Alitaja Jumamosi anayoitaka, akatanguliza nusu, akashukuru, akaondoka. Hakusema binti ni nani, na Oscar hakuuliza. Mwenye spika anauliza siku na mahali, basi. Salum akaandika jina la mzee ukutani kwa chaki, kwenye Jumamosi ile ya mwanzoni mwa Septemba.

Wiki mbili baadaye akatokea Frank, yule anayeshusha ndizi Dar es Salaam kwa malori. Mdogo wake anaoa. Anataka kila kitu, spika, viti vyote, maturubai yote, na anaitaka Jumamosi ile ile. Alikuwa tayari kulipa mara mbili. Tena akadokeza kwamba Desemba ana shughuli nyingine kubwa zaidi, na kwamba huwa hapendi kubadilisha watu wa kufanya nao kazi. Desemba! Oscar alikuwa anautafuta mwezi huo miaka yote, mvua zinyeshe naye awe na kazi. Alimtazama Salum, Salum akatazama ukuta. Kisha Oscar akachukua kitambaa akalifuta jina la Mzee Banzi, akaliandika wiki moja mbele.

Salum akatumwa kupeleka habari, na Oscar ndiye aliyempa maneno: aseme jenereta limeharibika, linapelekwa mjini kwa fundi. Uongo mdogo, wa kistaarabu, wa kumpunguzia mzee machungu. Ndivyo alivyojiambia.

Mzee Banzi hakuridhika, akamfuata siku ya gulio. Oscar alikuwa amekaa kibarazani pa duka na wanaume wenzake, mbele yao akina mama wamepanga nyanya zao mafungu mafungu. Mzee akasimama pembeni, akaomba wazungumze kando. Oscar akasema hapa hapa mzee, hapana siri. Mzee akageuzageuza kofia yake mkononi.

"Jumamosi ile tuliichagua kwa sababu yake, mwalimu," akasema. "Si kwamba tuliiokota tu."

Akamtazama Oscar usoni kama mtu anayengoja kuulizwa. Na hapa ndipo palipokuwa na mlango, wasomaji wangu. Ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu la kuuliza, sababu gani mzee, na haya yote nisingekuwa na haja ya kuyasimulia. Lakini Oscar alikuwa na watu wanaomtazama, na kichwani alikuwa na Desemba ya Frank.

"Mzee wangu, wiki moja tu," akasema. "Mwali si nyanya, haharibiki kwa kungoja."

Ah, kibaraza kilivunjika mbavu. Hata akina mama wa nyanya walicheka huku wakijifunika midomo kwa khanga. Salum alilirudia neno lile mara tatu njiani, akisema bosi ana kipaji. Mzee Banzi naye alitabasamu, kwa adabu tu, akavaa kofia yake akapanda mlima.

Nataka niseme ukweli kuhusu kile alichokijua Oscar, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alijaribu kujidanganya akashindwa. Shule ilipofunga kwa mapumziko mafupi ya mwisho wa Agosti, darasa la saba walibaki kambini kujiandaa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Bernadeta hakubaki. Huyu alikuwa binti mrefu wa dawati la tatu, si wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mbishi wa hesabu. Ukimpa jibu anataka njia, ukimpa njia anauliza kama hakuna nyingine fupi. Nyumbani kwao wakaleta habari kwamba anaumwa. Oscar ameishi Matombo miaka ya kutosha kujua binti wa umri ule anaumwa nini mavuno yakiwa ndani. Kwa desturi yake angeandika jina apeleke kwa mtendaji. Safari hii hakuandika. Alijiambia wamefanya vizuri kungoja likizo, atatoka kabla ya mtihani, kwa nini aharibu ujirani. Hakujisumbua kujiuliza atatoka lini. Hakujisumbua kujiuliza mjomba wake ni nani. Mtu akitaka kutojua, ana njia nyingi.

Harusi ya Frank ilifana. Spika zililia, Frank alilipa papo hapo, akamshika Oscar bega mbele za watu. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatano yake ukaanza mtihani.

Wasimamizi walikuja kutoka shule nyingine kama kawaida, askari akasimama mlangoni, na walimu wa shule wakakaa mbali na vyumba. Mwalimu mkuu akatoka na sura iliyobadilika. Dawati moja lilikuwa tupu. Alimwuliza Oscar kama ana habari za Bernadeta, na Oscar akajibu alisikia anaumwa. Mwalimu mkuu akamwambia achukue pikipiki aende nyumbani kwao sasa hivi, hata kama anaumwa abebwe, mtihani huu haurudiwi.

Oscar alijua njia ya kitongoji cha juu, lakini nyumba hakuijua. Akauliza kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga: kwa akina Bernadeta ni wapi? Yule mama akaonyesha kwa kidevu. "Pale kwa Mzee Banzi," akasema, "nyumba ya dada yake, ile ya nyuma." Oscar akabaki amekalia pikipiki inayonguruma, mguu mmoja chini. Akatamani mlima umfunike.

Uani walikuwa wamekaa wanawake watatu wanachambua mtama uliooteshwa kwa ajili ya pombe. Mapipa yalikuwa yamefunikwa, pombe ya Jumamosi hii bado changa. Mama yake Bernadeta akasimama, akamkaribisha, akampa kigoda. Hakukaa. Akasema mtihani umeanza, mtoto atoke, yeye mwenyewe atamchukua kwa pikipiki, bado mtihani wa kwanza haujaisha, wanaweza kuwahi wa pili. Alikuwa anazungumza haraka kama mtu aliyechomewa nyumba. Kungwi, mama mtu mzima mwenye uso mkavu, akajibu bila kuacha kuchambua kwamba mwali hajachezwa ngoma yake, na mwali ambaye hajachezwa hatoki mlangoni mwanamume akiwa amesimama. Oscar akasema atageuka. Akasema afunikwe khanga. Akasema, Mungu amsamehe, kwamba ataleta spika leo hii, sasa hivi, bure, wamtoe hata mchana huu. Wale wanawake wakatazamana. Pombe haijaiva, ndugu wa Dar hawajafika, wapiga ngoma wako mashambani, na huyu anadhani mwali anatolewa na spika.

Mzee Banzi akatokea nyuma ya nyumba na panga la kukatia ndizi. Oscar akampa shikamoo, mzee akaitikia. Kisha Oscar akamwuliza, sauti ikiwa chini sasa, kwa nini hakusema. Kwa nini hakumwambia pale gulioni kwamba sababu ni mtihani.

Mzee alifikiri kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Oscar zaidi ya tusi lolote.

"Nilikuja kwa mwenye spika," akasema. "Mwenye spika ningemwambia. Lakini aliyekaa pale kibarazani ni mwalimu pia. Mwalimu ningemwambiaje kwamba mtoto wa darasa lake nimemweka ndani, naye ndiye anayetupeleka kwa mtendaji? Tulihesabu siku, mwalimu. Atoke Jumamosi, Jumatatu arudi kambini, Jumatano afanye mtihani wake. Tulihesabu vizuri."

Oscar akazipiga siku hizo kichwani, zikatimia. Mwalimu wa hisabati, na wakulima walikuwa wamehesabu, na aliyeichafua hesabu ni yeye. Msimu wa ngoma na msimu wa mtihani inaangukia mwezi mmoja, kila mwaka, tangu hajaajiriwa. Alikuwa amehesabu misimu ya Waislamu na ya Wakristo, ya mahindi na ya ndizi, akausahau ule mmoja anaolipwa mshahara kwa ajili yake.

Hapo ikasikika sauti kutoka ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, karibu kabisa na aliposimama. Mwali hapaswi kupaza sauti, kungwi akageuka kwa ukali, lakini tayari.

"Shikamoo, mwalimu."

Oscar akaitikia marahaba.

"Hisabati imeshaanza?"

Kungwi akamnyamazisha. Oscar alisimama pale akiutazama ukuta, nyufa zake, buibui mmoja anayepanda. Alitaka kujibu, lakini maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya mwizi. Ndiyo, ule msemo wake wa mkutanoni ulimrudia wote, neno kwa neno, na safari hii mwizi hakuwa nyumbani kwa mtoto. Aliaga, akapanda pikipiki, akashuka mlima bila kuwasha injini.

Kwa mwalimu mkuu alisema binti yuko ndani, ni mwali. Mwalimu mkuu akalaani mila na wazazi wasioelimika, akaahidi kuwachukulia hatua. Walimu wengine wakaunga mkono. Oscar alikaa kwenye kona ya ofisi akisikiliza, na alikuwa na nafasi ya kusema. Dakika moja tu ingetosha. Witness alimwambia usiku huo kwamba mwanamume mzima angesimama akasema ni mimi niliyesogeza siku. Oscar akamjibu kwamba angesimamishwa kazi. Witness alimgeuzia mgongo, na hilo nalo likamwingia.

Jumamosi ikafika. Nusu alikuwa ameshaichukua, kwa hiyo muziki ulipaswa kwenda, na safari hii hakumwachia Salum peke yake. Akapanda mwenyewe kitongoji cha juu, akafunga turubai kwa mikono yake, akapanga viti, akakaa nyuma ya spika karibu na jenereta ambapo watu hawamwoni vizuri. Fedha iliyobaki Mzee Banzi alipomletea, aliikataa. Mzee akaiweka juu ya amplifaya, akasema shughuli ya mwali hailipwi nusu, huo ni mkosi.

Ngoma zikaanza. Vigelegele vikatoka ndani ya nyumba kwanza, halafu wanawake, halafu Bernadeta juu ya mabega ya jamaa mmoja mwenye nguvu, amepambwa shanga na khanga mpya, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Alikuwa mzuri jamani, tusidanganyane. Alikuwa anacheka. Watu walimtuza, noti zikabandikwa kwenye paji la uso wake, bibi zake wakacheza mpaka vumbi likawafunika miguu. Oscar alimtazama, akamwona kwa mara ya kwanza si mwanafunzi wa dawati la tatu bali mtoto wa watu, anayependwa na kitongoji kizima. Hakuna aliyemwibia pale uani. Wale wote walikuwa wamemhesabia siku zake vizuri.

Ngoma zilipopumzika ikawa zamu ya muziki. Salum akashika kipaza sauti. Masikini Salum, hakujua chochote, bosi wake hakumwambia kilichotokea Jumatano, na yeye alikuwa amejiandaa. Alikuwa na salamu mpya ya biashara aliyoifanyia mazoezi.

"Mwalimu Muziki tumefika, Matombo nzima mnatujua!" akanguruma. "Bosi wetu alisema, wenyewe mkasikia: mwali si nyanya, haharibiki kwa kungoja! Haya, tuone mikono juu!"

Wengine wakacheka, wale wa kutoka Dar ambao hawakujua. Wa kitongoji hawakucheka. Mama yake Bernadeta alikuwa anamfuta binti jasho usoni, mkono ukasimama. Na Bernadeta, aliyekuwa ameteremshwa apumzike, akaigeuza shingo yake yenye shanga akamtafuta Oscar nyuma ya spika mpaka akamwona. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa anamtazama kama darasani, kama vile amepewa jibu na sasa anataka njia.

Oscar akainama akazima jenereta.

Salum akagongagonga kipaza sauti, akauliza kuna nini. Watu wakageuka wote kumtazama mwalimu aliyechutama na mkono kwenye swichi, na mdomo wake, bila yeye kuutuma, ukatoa yale yale maneno ya zamani.

"Jenereta limeharibika," akasema.

Mzee Banzi akamsogelea. Akachutama kando yake kama mtu anayetaka kusaidia kutazama mashine, akazungumza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. Hata hapo alimhifadhi.

"Leo limeharibika kweli, mwalimu?"

Oscar alitazama chini. Kulikuwa na mafuta kidogo yamemwagika kwenye mchanga.

"Hapana, mzee. Hata siku ile halikuharibika."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa barua ambayo habari zake alishazipata. Akamwekea mkono begani, akainuka, akawaambia wapiga ngoma jambo. Ngoma zikaanza tena, na wanawake wakapokea wimbo, na mwali akarushwarushwa juu kwenye jua la alasiri. Walicheza mpaka jioni bila spika, bila viti vya plastiki kukaliwa na mtu, na hapakuwa na aliyeuliza muziki wa mwalimu umekwenda wapi. Wangeweza kucheza hivyo hivyo hata Jumamosi ya kwanza. Ila Mzee Banzi alitaka mtoto wa dada yake asipungukiwe na kitu, akaja kwa Oscar.

Siku ya Jumatatu Oscar alikwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele, akasimama mlangoni na maneno ya Witness mdomoni: ni mimi niliyesogeza siku. Nje, kwenye ngazi za darasa la saba lililofungwa tangu mtihani uishe, Bernadeta alikuwa amekaa na sare yake, mkebe wa hisabati mapajani, anangoja mtu amwambie aingie wapi.